Kusoma Kalipa ya Vernia na Maikromita kwenye Picha

Kalipa ya vernia inayotumika sana katika maabara za shule ina skeli kuu ya milimita na skeli fupi ya vernia inayoteleza kando yake. Vernia hiyo ina migawanyo 10 iliyobanwa katika urefu wa milimita 9, hivyo kila mgawanyo ni mfupi kwa milimita 0.1 kuliko milimita kamili. Kinachosomwa ni jinsi mistari inavyolingana, wala si ukubwa wake, kwa hiyo picha inaweza kukuzwa bila kuathiri kipimo.

Tuseme picha inaonyesha bomba kati ya taya za kalipa. Sifuri ya vernia imeupita mstari wa milimita 23, na mstari wa 6 wa vernia umenyooka na mmoja wa skeli kuu. Kipimo ni milimita 23.6. Picha ikiwa na ukungu, jirani wa mstari huo husaidia: mstari wa 5 wa vernia huwa umesogea kidogo kulia kwa mwenzake, na wa 7 kushoto, kwa kiasi kilekile.

Picha hiyo peke yake haitoshi. Inahitajika nyingine ya taya zikiwa zimefungwa bila kitu. Ikiwa humo sifuri ya vernia iko kushoto kwa sifuri kuu, na mstari wa 8 ndio uliolingana, kosa la sifuri ni hasi: 10 kutoa 8 ni 2, yaani milimita −0.2. Kosa hutolewa daima pamoja na alama yake: 23.6 − (−0.2) = 23.8. Wengi hukosea hapa kwa kusoma kosa kuwa 0.8.

Maikromita husoma hadi milimita 0.01, kwa sababu silinda yake yenye migawanyo 50 husogea nusu milimita kwa kila mzunguko. Mtego wake ni mstari wa nusu milimita unaochungulia ukingoni mwa silinda. Chukua waya: mstari wa milimita 1 unaonekana wazi, wa nusu unaanza kuchungulia, na silinda inasoma 47. Mzunguko bado haujakamilika, hivyo jibu ni 1.47, si 1.97. Silinda ingekuwa imesoma 2, nusu hiyo ingehesabiwa na jibu lingekuwa 1.52. Maikromita ikifungwa na mstari wa msingi ukaangukia 3, sifuri ikiwa chini yake, kosa ni +0.03, na unene wa waya ni milimita 1.44.

Kamera nayo inaweza kudanganya. Skeli mbili haziko kwenye usawa mmoja kabisa, hivyo picha iliyopigwa kiubavu huhamisha mahali mistari inapoonekana kulingana. Kamera inapaswa kuwa wima juu ya mistari inayosomwa, katika picha zote mbili. Picha ya kifaa kilichofungwa ikikosekana, kipimo huandikwa kuwa hakijasahihishwa.