Matofali Elfu Moja, Saruji Mifuko Mingapi?

Waulize mafundi watatu saruji ya kujengea matofali elfu moja ya kuchoma. Mmoja atakuambia mifuko miwili, wa pili mitatu, wa tatu minne. Wote wanaweza kuwa sahihi, kwa sababu jibu linategemea unene wa mota unaowekwa kati ya tofali na tofali.

Tuchukue tofali la sentimita 22 kwa 11 kwa 7, lisilo na shimo juu, kwenye ukuta wa unene wa tofali moja lililolazwa kwa urefu. Mota ikiwa ya sentimita 1, tofali pamoja na mota yake huchukua nafasi ya 23 kwa 8 kwa 11, yaani sentimita za ujazo 2,024. Tofali lenyewe ni 1,694. Zinazobaki, 330, ni mota. Kwa matofali elfu moja hizo ni lita 330, na ukiongeza ile inayomwagika unafika kama lita 380.

Kwa ukuta wa kawaida, mchanganyo wa saruji moja kwa mchanga sita unatosha. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi, kwa hiyo unahitaji mchanga lita 210, sawa na ndoo kumi na nusu za lita 20. Hutoa mota ya takriban lita 200. Basi kazi yetu inataka mifuko miwili na ndoo 21 za mchanga.

Mota ikinenepa hadi sentimita 1.5, hesabu inapanda hadi mifuko mitatu na ndoo 32. Ikifika sentimita 2, ni mifuko minne na ndoo 42. Ni kweli ukuta nao unaongezeka, kutoka mita za mraba 18 hadi 21 na ushei, lakini saruji imekuwa maradufu, na mota nene hunywea zaidi inapokauka na kuleta nyufa.

Mara nyingi kosa si la fundi. Matofali ya tanuri yaliyopinda au kupishana ukubwa hayapangiki bila mota nene ya kuyasawazisha. Kwa matofali ya namna hiyo, panga bajeti ya mifuko mitatu. Yaloweshe pia kabla ya kujenga, maana tofali kavu hunyonya maji ya mota, nayo hubaki unga unaokwanguka kwa msumari.

Kukagua, pima kozi kumi kwa futi kamba. Zikiwa sentimita 80, mota ni ya sentimita 1. Zikiwa 85, ni 1.5, zikiwa 90, ni 2. Pima siku ya kwanza, kabla hujaagiza saruji ya nyumba nzima.