Uzio wa ramani na mkate wa dereva

Huko Kampala hata mwenye gari nne tu za kupeleka mikate siku hizi hufunga ndani yake kifaa cha kupokea setilaiti. Kompyuta ya ofisini huonyesha gari liko wapi, na hutoa onyo likitoka katika uzio uliochorwa kwenye ramani au likipita mwendo uliowekwa. Karani huweka uzio kwa dakika tano. Ugomvi huanza siku ya mshahara.

Tuseme karani amechora duara la nusu-kipenyo cha mita 50 kuzunguka ghala, na kifaa hutuma habari kila sekunde 30. Gari liendalo kilomita 54 kwa saa hukata mita 15 kwa sekunde, yaani mita 450 kati ya habari moja na nyingine. Duara zima lina upana wa mita 100, nalo hupitwa kwa sekunde saba hivi. Kwa hiyo gari laweza kupita katikati yake na kompyuta isijue. Likisimama dakika nne kushusha mikate, litaonekana. Uzio huo basi wafaa mahali pa kusimama, si mahali pa kupita tu.

Kasoro ya pili ni kinyume chake. Karibu na majengo marefu mawimbi ya setilaiti hugonga kuta, na gari lililosimama huonekana kuruka makumi ya mita. Asubuhi mwajiri hukuta maonyo ya `geofenceExit` na `geofenceEnter` yakifuatana usiku kucha, akadhani dereva ameliiba gari. Atazame mwendo: ukiwa sifuri na injini imezimwa, gari halikutoka. Duara la mita 150 huondoa sehemu kubwa ya uongo huo.

Mwendo una mtego wake. Katika Traccar, programu itumiwayo bila malipo, mwendo huwekwa ndani kwa noti za mabaharia, ingawa ukurasa wa kawaida waweza kuuonyesha kwa kilomita. Noti moja ni kilomita 1.852. Anayetaka kikomo cha kilomita 80 na kuandika thamani hiyo moja kwa moja lazima aandike 43.2, akiandika 80 onyo halitalia mpaka kilomita 148, na pikapu ile kuukuu haifiki huko hata mteremkoni!

Tena, habari moja yenye mwendo wa ajabu isihesabiwe. Mstari huu hudai mwendo uzidi kwa sekunde 60 kabla ya onyo:

```
<entry key='event.overspeed.minimalDuration'>60</entry>
```

Dereva aliyekatwa mshahara kwa onyo moja adai orodha ya habari za dakika zile, si karatasi ya onyo pekee. Sheria ya Uganda ya mwaka 2019 ya kulinda habari za watu yampa haki ya kuomba habari zake zilizowekwa.