Barafu Ikishayeyuka, Hesabu Saa

Siku ya sikukuu tulivuka na kivuko cha Magogoni kwenda ufukweni Kigamboni, watu wazima wanne na watoto watano. Deli la chakula tulilifunga saa moja asubuhi. Chini tuliweka vibua vibichi ndani ya mifuko miwili ya nailoni iliyofungwa vizuri. Juu yake tukamwaga barafu, tukapanga soda 12 za nusu lita, tukatia bakuli lenye mfuniko la tikiti lililokatwa, na juu kabisa tukaweka kuku wa kukaanga. Saa saba kamili nilifungua kutoa maji nikaona vipande vya barafu bado vinaelea. Saa nane na robo, tulipofungua ili tuchome samaki, hapakuwa na barafu hata punje. Yalibaki maji matupu.

Shemeji yangu aliingiza mkono, akashika bakuli la kuku. "Mbona bado lina baridi hili? Tule tu, shemeji."

Mkono wake haukumdanganya, lakini haukuweza kumwambia alichotaka kujua. Ngozi ya kiganja ina joto la nyuzi 30 na kitu, kwa hiyo chochote kilicho chini ya hapo huionekania cha baridi, hasa kwa mtu aliyetoka juani. Nilichoma sindano ya kipimajoto kwenye paja nene la kuku ikasoma nyuzi 17. Hilo ni joto ambalo bakteria huzaana bila shida, na mkono uliliita baridi.

Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kinachoharibika kikae chini ya nyuzi 5, au kama ni cha moto kikae juu ya nyuzi 60, na kisiachwe katikati ya hapo kwa zaidi ya saa mbili. Wamarekani huweka mpaka kwenye nyuzi 4, na wanasema hewa ikizidi nyuzi 32 basi hesabu iwe saa moja tu. Siku ile chini ya mkungu palikuwa na nyuzi 31, kwa hiyo tulikuwa na saa mbili. Swali likawa moja: saa hizo zilianza lini?

Jibu linatoka kwenye tabia ya barafu yenyewe. Maji yenye barafu inayoelea hukaa karibu na nyuzi 0 hata jua liwe kali namna gani, kwa sababu joto lote linaloingia hutumika kuyeyusha barafu badala ya kupasha maji. Joto linaloyeyusha kilo moja ya barafu lingetosha kupandisha kilo hiyo hiyo ya maji kutoka nyuzi 0 hadi 80. Ndiyo maana deli hukaa na baridi ile ile asubuhi nzima, kisha punje ya mwisho ikiisha, joto linaanza kupanda haraka. Basi chakula kilichozama kwenye maji hayo huhesabiwa tangu mara ya mwisho ulipoiona barafu kwa macho yako. Kwetu ilikuwa saa saba.

Tukapima kitu kimoja kimoja. Vibua, vilivyokuwa vimezama chini kabisa, vilisoma nyuzi 6. Vilikuwa vimevuka mpaka, lakini tangu saa saba ilikuwa imepita saa moja na robo tu. Tukaviweka jikoni papo hapo. Kwa samaki wa aina hii, kama vibua na jodari, haraka hiyo ina sababu yake. Wakikaa kwenye joto, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama, na histamini haiondolewi na moto, ndimu wala pilipili. Anayeila huweza kuwashwa, kuiva uso na kuumwa kichwa muda mfupi baada ya kula, na mara nyingi samaki mwenyewe hakuwa na harufu yoyote mbaya.

Bakuli la tikiti lilikuwa limezama nusu, na vipande vya ndani vilisoma nyuzi 8. Tunda zima halihitaji baridi, ila likishakatwa lihesabu pamoja na nyama, kwa kuwa kisu kimepitisha vijidudu vya ganda hadi kwenye nyama tamu yenye maji. Watoto walilimaliza wakati ule ule.

Kuku ndiye aliyetuumiza. Bakuli lake lilikaa juu ya soda, halikugusa barafu wala maji tangu asubuhi. Kuona barafu saa saba hakukuwa ushahidi wowote juu yake. Huenda alikuwa na joto tangu saa tatu. Shemeji akasema tumpashe moto tena jikoni. Moto ungeua bakteria, kweli, lakini bakteria wanaopenda chakula kilichoshikwashikwa kwa mikono baada ya kupikwa huacha sumu ambayo haiharibiki hata ukichemsha. Kuonja nako hakusaidii, sumu hiyo haina ladha. Kuku mzima akaenda kwenye shimo la taka. Chapati, ndizi, karanga na soda havikuwa na kesi, vyote hivyo havidai baridi ili viwe salama.

Niliporudi nyumbani nilipiga hesabu nijue barafu yetu ilikwenda wapi. Soda 12 zile zilitoka dukani zikiwa na joto la kawaida, kama nyuzi 30. Kuzishusha zote hadi nyuzi 0 hula zaidi ya kilo mbili za barafu, kabla jua halijagusa deli. Kisha kila mtoto aliyetaka soda alifungua mfuniko na kuingiza hewa ya moto. Sasa soda zetu hulala kwenye friji usiku, na asubuhi huenda kwenye deli lao peke yao. Deli la chakula hufunguliwa wakati wa kula tu. Chakula hukaa chini, barafu juu, kwa kuwa baridi hushuka. Maji yaliyoyeyuka hatuyamwagi yakiwa bado na baridi, maana yanakizunguka chakula pande zote, ila nyama au samaki mbichi lazima awe kwenye mfuko usiovuja, la sivyo maji hayo yanachafua kila kilichomo.

Kipimajoto cha sindano kikaguliwe kabla ya safari: jaza glasi barafu iliyopondwa, ongeza maji kidogo, koroga, chovya. Kisiposoma 0 au karibu sana na hapo, usikiamini. Asiyekuwa nacho agandishe chupa ndogo ya maji na kuizika katikati ya chakula, isiwe pembeni. Kila ukifungua, itikise. Ikiwa bado ina donge la barafu, chakula kilichoigusa kina baridi ya kutosha. Ikiwa ni maji matupu, tazama saa.

Na ukipata barafu mpya njiani, kumbuka kwamba inasimamisha saa tu, hairudishi nyuma. Chakula kilichokwisha kupitisha saa mbili kwenye joto hakiwi salama kwa kupozwa upya. Kama huwezi kusema ni lini mara ya mwisho chakula hicho kiligusana na barafu, usimpe mtoto, na wewe usile.