Sura nzima ya usanisinuru katika ukurasa mmoja

Ukitaka kuifupisha sura ya usanisinuru, usianze kunakili aya. Chora kwanza yai kubwa katikati ya karatasi: hiyo ndiyo kloroplasti. Ndani yake, kushoto, panga visahani kama sarafu zilizorundikwa. Hapo ndipo klorofili inaponasa mwanga. Nafasi iliyobaki ni stroma, ambako sukari hutengenezwa.

Sasa mishale. Mwanga na maji vinaingia kwenye visahani, oksijeni inatoka. Kabonidayoksaidi inaingia kwenye stroma, sukari inatoka. Kati ya pande hizo mbili chora mishale miwili ya kwenda, ATP na NADPH, na miwili ya kurudi, ADP na NADP⁺. Mishale ya kurudi ndiyo wengi huisahau, na bila hiyo mchoro hauonyeshi kwa nini hatua ya pili husimama mwanga ukikatika. Ndiyo maana jina “hatua ya giza” hupotosha: haihitaji usiku.

Chini ya mchoro andika sentensi moja: oksijeni inayotoka hutokana na maji, si kabonidayoksaidi. Kisha funika karatasi, uusimulie mchoro kwa mdomo. Mshale utakaokwama ndio wa kurudia kitabuni.