Saa 4, Saa 6, Saa 8 Usiku: Utafiti Tendaji Kwenye Wodi ya Mifupa

Mgonjwa asiyeweza kujigeuza akilala chali muda mrefu, uzito wa mwili wake unakaa juu ya mifupa michache: visigino, na ule wa chini kabisa ya mgongo. Nyama iliyobanwa kati ya mfupa na godoro inakosa damu, na ikikosa kwa saa kadhaa huanza kufa, mara nyingi ikianzia ndani ambako jicho halifiki. Kidonda kinachojitokeza hapo kinaweza kuchukua miezi kupona. Kila muuguzi amefundishwa kumgeuza mgonjwa wa namna hii kila baada ya saa mbili. Na bado vidonda vya mgandamizo vinatokea kwenye wodi zenye wauguzi wanaojua somo hilo kwa moyo.

Muuguzi anayesoma shahada ya uzamili akiambiwa atafute tatizo la kufanyia kazi, hapa analo. Kwa kawaida angegawa dodoso la kupima wauguzi wanajua nini kuhusu vidonda hivi, angepata asilimia, angeandika mapendekezo, na wodi ingebaki ilivyokuwa. Utafiti tendaji unakwenda njia nyingine. Kurt Lewin, mwanasaikolojia aliyekimbia Ujerumani ya Wanazi akahamia Marekani, aliueleza mwaka 1946 kama mizunguko: unapanga, unatenda, unatazama kilichotokea, unatafakari, kisha unapanga upya kwa kile ulichojifunza. Baadaye Stephen Kemmis na Robin McTaggart wa Australia walisisitiza kwamba wanaoguswa na tatizo ndio wanaopaswa kulichunguza wao wenyewe. Kwa hiyo wauguzi wa zamu si watu wa kuhojiwa tu. Ni watafiti wenzako.

Tuchukue wodi ya mfano ya wanaume katika hospitali ya mkoa: majeruhi wa bodaboda, mafundi walioanguka kutoka juu, wazee waliovunjika nyonga. Tuseme wagonjwa 10 hawawezi kujigeuza, na usiku kuna wauguzi wawili kwa wodi nzima.

Kabla ya kubadilisha chochote, mtafiti lazima ajue hali ilivyo, na hapo kazi nyingi za wanafunzi huanza kuyumba. Jambo la kwanza ni kukubaliana "kugeuzwa" maana yake nini. Mgonjwa ambaye mguu wake unavutwa kwa uzito hawezi kulazwa ubavu. Kwake kugeuzwa ni kunyanyuliwa kiuno na kuwekewa mto chini ya shavu la mguu ili kisigino kielee. Aliyeumia uti wa mgongo hugeuzwa na watu watatu au wanne kwa pamoja, kichwa, kiwiliwili na miguu vikienda kama gogo moja. Maelezo ya kila mgonjwa yasipoandikwa mapema, muuguzi mmoja atahesabu kilichofanyika na mwingine atahesabu kuwa hakikufanyika.

Jambo la pili ni namna ya kupima. Usitegemee chati peke yake. Pita vitandani kwa saa zilizochaguliwa kwa kura, andika kila mgonjwa amelalaje, rudi baada ya saa mbili uandike tena. Aliye vilevile hakugeuzwa. Wenzako wajue unafanya hivyo, kwa sababu huu si upelelezi. Ukweli ni kwamba siku za mwanzo watu watajitahidi zaidi kwa kuwa wanatazamwa, kwa hiyo endelea wiki mbili ili mambo yarudi yalivyo. Na ukimkuta mgonjwa hajageuzwa, usiandike ukaondoka. Andika, kisha mwite mwenzako mmgeuze. Takwimu zitachafuka kidogo, lakini hakuna shahada inayostahili nyama ya mgonjwa.

Tuseme baada ya siku 14 unapanga namba za kila siku kutoka ndogo hadi kubwa na kuchukua ya katikati: mchana wagonjwa 5 kati ya 10 wamegeuzwa, usiku 2. Namba hizo zinapelekwa kwenye kikao kifupi baada ya kukabidhiana zamu, na swali linaloulizwa ni moja: kwa nini? Majibu ndiyo yanayobeba utafiti. Wa mchana wanasema hakuna anayejua nani kageuzwa saa ngapi. Daktari akipita, ndugu wakija kuona wagonjwa, hesabu inapotea. Wa usiku wanasema wanajua vizuri, ila mtu mzima mwenye uzito mkubwa hageuzwi na mtu mmoja, na wakiwa wote wawili kitandani hakuna wa kumtazama aliyetoka chumba cha upasuaji. Tatizo la mchana ni kumbukumbu. La usiku ni mikono. Mwanafunzi ambaye angeshaandika kwenye pendekezo lake kwamba atatoa semina ya siku moja, angekuwa amelenga tatizo ambalo halipo.

Mzunguko wa kwanza uwe mdogo kuliko unavyotamani. Vitanda vinne vya chumba kimoja, zamu za mchana, siku tatu. Badiliko ni kadi yenye picha ya saa, inayoonyesha ubavu wa kushoto, chali, ubavu wa kulia. Kabla ya kuanza, andika utabiri wako: "Wagonjwa 3 kati ya 4 watakutwa wamebadilishwa kila tukikagua." Bila utabiri, matokeo yoyote yataonekana mafanikio.

Sasa tuseme kadi zinajazwa zote, lakini ukaguzi unaonyesha waliogeuzwa ni 2 kati ya 4. Tazama kadi zenyewe. Kama saa 2, saa 4, saa 6 na saa 8 zimeandikwa kwa wino uleule, mwandiko mmoja usiotetereka, dakika zote sifuri, zimejazwa kwa mkupuo mwisho wa zamu. Wenye haraka watalaumu wauguzi. Kwenye kutafakari, swali liwe kadi zilikaa wapi. Zikigundulika kuwa kwenye jalada mezani, hatua ishirini kutoka kitandani, basi mpango ndio uliokuwa na kasoro. Mzunguko wa pili unazitundika ukingoni mwa kitanda pamoja na kalamu, na unaunganisha kugeuza na kazi ambayo haikosi kufanyika, yaani mzunguko wa dawa. Ndugu nao wanaingia hapa. Katika hospitali zetu wao ndio wanaolisha na kuosha, na wengi wanaomba kuonyeshwa la kufanya. Wafundishwe kuweka mto na kuelekeza kisigino kiguse hewa, ila wa uti wa mgongo waachiwe wauguzi.

Usiku unahitaji mzunguko wake, na uamuzi mgumu. Wawili hawawezi kuwageuza watu 10 kila saa mbili hadi asubuhi. Kipimo cha Braden, kilichochapishwa na Barbara Braden na Nancy Bergstrom mwaka 1987, kinampa mgonjwa alama 6 hadi 23 kwa kutazama mambo sita, kama vile anavyohisi maumivu, unyevu wa ngozi na chakula anachokula; alama zikiwa chini, hatari ni kubwa. Kwa kipimo hicho timu inaweza kuamua kwamba wanne walio hatarini zaidi wageuzwe saa 4, saa 6, saa 8 na saa 10 usiku, na wengine kila saa nne. Bergstrom huyohuyo aliongoza utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliofanyika kwenye nyumba za wazee Marekani na Kanada, ambao haukuona tofauti ya vidonda kati ya kugeuza kila saa mbili, tatu au nne. Lakini wazee wale walilalia magodoro mazito ya povu. Godoro lililobonyea mpaka chaga zinahisika kwa kiganja halina dhamana hiyo, na mwanafunzi anayenukuu utafiti ule bila kukagua magodoro ya wodi yake anawaweka wagonjwa hatarini kwa jina la ushahidi.

Kuna mtego mwingine unaowavunja moyo wengi. Mwezi wa kwanza, idadi ya vidonda hupanda. Sababu kubwa ni kwamba sasa watu wanatazama ngozi. Vitabu vingi vinafundisha kutafuta wekundu usiopotea ukibonyeza kwa kidole, na kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani vizuri. Mguse mgonjwa: linganisha sehemu hiyo na ya jirani, je ina joto zaidi au ubaridi, imekuwa ngumu au tepetepe, inauma? Ukianza kukagua hivyo, utaona vidonda vichanga ambavyo awali vilisubiriwa mpaka vipasuke. Kwa hiyo ripoti itenganishe vichanga na vilivyopasuka, na ieleze ukaguzi wa mikono ulianza tarehe gani. Kuhusu waliogeuzwa, weka nukta ya kila siku kwenye karatasi yenye mistari na uchore mstari wa namba ya katikati ya zile wiki mbili za mwanzo. Nukta sita mfululizo juu ya mstari ni dalili kwamba kitu kimebadilika kweli. Mbili au tatu zinaweza kuwa bahati tu. Pima pia kinachoweza kuharibika: dawa zilizochelewa, na migongo ya wauguzi inayouma.

Yote haya yanagongana na kalenda ya chuo. Kamati ya maadili inataka mpango kamili, ilhali mzunguko wa tatu haujulikani kabla wa pili haujaisha. Njia inayofanya kazi ni kuandika mzunguko wa kwanza kwa ukamilifu, kisha kueleza nani ataamua kuhusu inayofuata, kwa vigezo gani, na mipaka ambayo haitavukwa bila kurudi kwenye kamati, kwa mfano kutoanzisha dawa wala kifaa kipya. Anza kuomba mapema. Nchini Kenya utahitaji pia leseni ya utafiti kutoka NACOSTI, juu ya ruhusa ya hospitali. Tena kama wewe ndiye msimamizi wa wodi, kumwomba mtu unayempangia zamu akubali kushiriki si ombi huru. Mtu mwingine akusanye ridhaa, na usijue nani alikataa. Wala usiahidi kwamba hakuna atakayetambulika: kwenye wodi yenye wauguzi tisa, maneno ya "muuguzi wa kiume wa zamu ya usiku" yanamtaja mtu kabisa.

Kwa kazi ya muhula mmoja, mizunguko miwili iliyoelezwa kwa undani inatosha, wa tatu ukipatikana ni heri. Kumbukumbu za tafakuri ziandikwe siku ileile, pamoja na kadi zilizojazwa kwa mkupuo, maana mzunguko ulioshindwa ukielezwa vizuri una mengi ya kumfundisha msomaji kuliko ule uliofaulu bila sababu kujulikana. Na kabla mwanafunzi hajarudi chuoni, wiki ya mwisho ya ukaguzi ifanywe na wauguzi bila yeye kuwepo wodini. Namba za wiki hiyo ndizo atakazoulizwa kwanza na mtahini makini: zilibaki juu ya mstari, au zilishuka?