Mistari 85 tu, lakini ni kitabu kizima

Mwenzangu wa uzamili aliandika tasnifu ya isimu akilinganisha lugha ya kitabu cha Ruthu katika Biblia Habari Njema na katika NIV ya Kiingereza. Kwenye kiambatisho aliweka Ruthu yote, safu mbili bega kwa bega. Alitetea, akapita. Kasheshe ilianza alipotaka kuichapisha kama kitabu: mchapishaji akadai vibali vya maandishi.

Wengi tunadhani Maandiko hayana mwenyewe. Maneno ya Kiebrania ya Ruthu ni ya kale, kweli, lakini tafsiri ni kazi mpya na ina mwenye haki. Fungua ukurasa wa nyuma ya jina la kitabu utamkuta: NIV ni ya Biblica, na Habari Njema ni ya Vyama vya Biblia vya Tanzania na Kenya.

Sasa hesabu. NIV inaruhusu kunukuu hadi mistari 500 bila kibali cha maandishi. Ruthu ina sura nne na mistari 85, kwa hiyo jamaa alijiona yuko salama kabisa. Ila ruhusa hiyo ina masharti mawili mengine: mistari isiwe kitabu kizima cha Biblia, na isifikie asilimia 25 ya maandishi ya kazi yako. Ruthu ni fupi, lakini ni kitabu kizima. Hapo kibali ni lazima. (Kuna aliyemshauri afute mstari mmoja ili kisiwe kizima. Utani huo usiupeleke kwa mchapishaji.) Na masharti ya NIV hayaihusu Habari Njema, kila tafsiri unaiombea kwa mwenyewe.

Barua ya kuomba haihitaji maneno matamu. Taja jina la kazi yako, tafsiri na toleo, orodha kamili ya mistari, nani anachapisha, nakala ngapi, zitauzwa au la, na kama kutakuwa na nakala ya mtandaoni. Hilo la mwisho wengi hulisahau. Kibali cha nakala za karatasi hakibebi PDF, na tasnifu zetu siku hizi huishia kwenye maktaba ya mtandaoni ya chuo. Andika kabla hujapanga kurasa, maana majibu huweza kuchelewa.

Kutaja tafsiri ni jambo jingine, na kibali hakikuondolei. Nakili tamko la hakimiliki neno kwa neno kutoka kwenye nakala uliyotumia, uliweke kurasa za mwanzo. Ndani ya matini, “Ruthu 1:16” peke yake haitoshi unapotumia tafsiri mbili. Ongeza BHN au NIV. Ukitafsiri mwenyewe kutoka Kiebrania, andika “tafsiri yangu”. Ukikoleza neno, andika “mkazo ni wangu”. Na kama ulinakili kutoka kwenye simu, linganisha na kitabu chenyewe, kwa sababu toleo la simu huenda si lile ulilolitaja.

Mwenzangu hatimaye alikifuta kiambatisho, akabakiza mistari aliyoichambua tu. Uchambuzi haukupungua hata kidogo.