Simu Ilizima Lindoni

Nilisimamia walinzi wa usiku Dar es Salaam kwa miaka kadhaa, na kazi yangu kubwa ilikuwa kupiga simu. Mlinzi anaingia lindo saa 12 jioni na kutoka saa 12 asubuhi. Katikati hapo nampigia mara tatu au nne, nisikie sauti yake, niandike saa, nihamie lindo jingine. Asipopokea, naanza kuwaza mambo mawili: amelala, au amevamiwa.

Jambo ambalo walinzi wengi hawalijui ni kwamba msimamizi anasikia tofauti. Simu iliyowashwa ikiachwa bila kupokelewa huita mpaka ikate. Iliyozima haiiti, anayepiga anaambiwa namba haipatikani. Kwa hiyo ukiniambia asubuhi "afande, sikuisikia ikiita," wakati mimi niliambiwa haipatikani, umeshajiharibia kwa sentensi moja, na huenda hukuwa na kosa lolote. Wapo pia wanaoapa kwamba simu yao haionyeshi miskoli hata moja, kana kwamba mimi sikupiga. Haiwezi kuonyesha. Simu iliyozima haipokei taarifa ya kupigiwa. Labda mtandao uitumie ujumbe baada ya kuwashwa, na si kila laini ina huduma hiyo.

Lakini "haipatikani" nayo haimsafishi mtu. Simu huzima kwa kuisha chaji, na huzimwa kwa makusudi na anayetaka kulala bila kusumbuliwa. Msimamizi aliye upande wa pili hawezi kuzitofautisha. Ndiyo maana kinachomwokoa mlinzi ni kitabu cha matukio, hasa mstari ulioandikwa usiku uleule.

Namkumbuka kijana mmoja aliyekuwa akilinda ghala. Nilimpigia saa 8:05 usiku, nikarudia saa 8:15, kisha saa 10. Mara zote haipatikani. Simu ya lindo ilikuwa ya zamani na betri yake imechoka: inaonyesha asilimia 18, dakika chache baadaye imezima. (Betri kuukuu ndivyo zilivyo, ile asilimia ni makadirio tu.) Chaja ya lindo ilikuwa imeondoka na mlinzi wa zamu nyingine. Kijana alimwomba simu mlinzi wa geti la jirani, akapewa, ndipo akagundua kwamba namba yangu haikumbuki. Laini alihamishia humo pia. Haikusaidia, kwa sababu majina yalihifadhiwa kwenye simu yenyewe.

Saa 11:50 alfajiri aliingia mwenzake wa kumpokea. Yeye alikuwa na namba yangu, na kijana akanipigia kabla sijafika kumfokea:

"Shikamoo, afande. Simu ya lindo ilizima saa 7:20 usiku, chaji iliisha na chaja hapa haipo. Najua ulinitafuta. Nimezunguka saa 8, saa 9 na saa 10, nimeandika zote. Makufuli ni mazima. Kosa langu, niliingia zamu bila kuangalia kama chaja ipo."

Nilikuwa na hasira, lakini sikupata pa kuikamatia. Alitaja saa ya kuzima, nami simu yangu ya saa 5 aliipokea, mambo yakakubaliana. Alieleza lindo lilikuwaje wakati simiuzi chochote, maana hilo ndilo mteja angeniuliza. Sehemu yake ya kosa aliichukua mwenyewe, na suala la chaja alilitaja kama taarifa bila kumlaumu mtu. Nilipofika nikafungua kitabu. Mstari wa saa 7:20 ulikuwapo, juu ya mistari ya doria, kwa kalamu ileile. Mstari unaochomekwa asubuhi hujulikana: hubanwa pembeni, au hukaa chini ya matukio yaliyotokea baada yake.

Ukitakiwa kujieleza kwa barua, andika hayohayo kwa mpangilio huohuo, usiongeze. Kanuni za utendaji bora kazini za Tanzania za mwaka 2007 zinasema kosa la kwanza halitoshi kumwachisha mtu kazi, isipokuwa liwe zito sana. Kuishiwa chaji ni kosa dogo. Kudanganya kuhusu saa mbili ambazo hukujulikana ulipo ni jambo jingine, na hapo hata msimamizi anayekupenda hawezi kukutetea.

Yule kijana alipewa onyo la mdomo. Namba yangu tuliiandika kwa kalamu nene kwenye jalada la kitabu cha kila lindo. Chaja mpya ilifika siku ya tatu, tukaifunga kwa waya kwenye nondo ya dirisha ili isiondoke tena na mtu.